Ganda la Kahawia, Ganda Jeupe

Katika jiji la Boston nchini Marekani, wanunuzi wengi tangu zamani hupendelea yai la kahawia. Sehemu kubwa ya nchi hiyo hula mayai meupe, na anayelipa zaidi kwa ajili ya yai la kahawia mara nyingi huamini kwamba ananunua yai la shambani, la kuku aliyetembea na kuchakura, lenye afya na ladha kuliko lile jeupe la banda kubwa.

Dar es Salaam na Nairobi imani ni ile ile, ila rangi zimebadilishana nafasi. Yai la kahawia linalopangwa kwenye trei na kuuzwa kila genge ndilo yai la kisasa, la kuku wa mayai aliyefungiwa bandani akala chakula cha dukani. Yai lililopauka, la krimu au jeupe, dogo kidogo, ndilo linaloitwa la kienyeji na kuuzwa kwa bei ya juu. Mama anayemnunulia mtoto mchanga yai la kwanza, au anayempelekea mgonjwa, atalichagua hilo lililopauka. Ukiwaweka meza moja mnunuzi wa Boston na wa Kariakoo, kila mmoja atamsukumia mwenzake yai analoliona duni, na kila mmoja atakuwa na hakika kwamba rangi ya ganda imemwambia kilichomo.

Ganda haliwezi kusema kweli mbili zinazopingana. Linachosema ni jambo moja tu, nalo ni la ukoo: kuku huyu ni wa mbegu gani. Mengine yote tunayoyatafuta kwenye yai, yaani kiini cha njano, ladha nzito na virutubisho, hutoka kwingine. Lakini ipo njia moja finyu ambayo rangi ya kahawia iliwahi kuhusiana kweli na ladha, tena ladha mbaya, na wafugaji wa pwani na wa Kanda ya Ziwa wanaolisha kuku dagaa wana sababu ya kuijua.

Tuanze na jinsi rangi inavyoingia. Safari ya yai ndani ya kuku huchukua saa 24 hadi 26. Kiini kikishakomaa huachiwa na ovari, kikaingia kwenye mrija wa mayai. Kwa muda wa saa tatu hivi hufunikwa na ute. Kisha, kwa saa moja na zaidi kidogo, huvishwa zile ngozi mbili nyembamba tunazoziona tukimenya yai lililochemshwa. Baada ya hapo linashuka kwenye sehemu pana ya mrija, na humo hukaa karibu saa 20, muda mrefu kuliko hatua zote nyingine zikijumlishwa. Humo ndimo chokaa ya ganda inamopangwa, chembe juu ya chembe. Mpaka hapo, yai la kuku yeyote lina weupe wa chokaa.

Rangi ya kahawia huja mwishoni. Chembe hai zilizo kwenye ukuta wa sehemu hiyo hutengeneza kitu kiitwacho protopofirini na kukimwaga juu ya ganda, kingi zaidi katika saa chache za mwisho kabla ya kutaga. Protopofirini si kitu kigeni mwilini. Ni hatua moja kabla ya kile kiini chenye madini ya chuma kinachoipa damu wekundu wake, na mwili wa binadamu nao huitengeneza. Kuku wa mayai ya kahawia huimwaga kwa wingi. Kuku wa mayai meupe huacha chembe chache mno ambazo jicho halizioni.

Kwa kuwa rangi hiyo huwekwa mwishoni, hukaa upande wa nje. Hili unaweza kulithibitisha jikoni kwako: vunja yai la kahawia, bandua ngozi iliyo ndani ya ganda, kisha tazama. Upande wa ndani ni mweupe au umepauka sana, kama ukuta wa nyumba uliopakwa rangi upande wa barabarani tu. Kilichomo hakikuguswa na rangi, kwa sababu kiini na ute vilikuwa vimeshafungwa kwa saa nyingi kabla rangi haijaanza kumwagwa.

Yapo pia mayai ya buluu, ingawa kwetu ni nadra. Kuku wa Araukana wa Chile hutaga mayai ya namna hiyo, na China kuna mbegu za kale zenye tabia ile ile. Rangi yao ni biliverdini, jamaa ya nyongo, nayo huingia katika unene wote wa ganda, ndiyo maana ganda lao lina ubuluu hata kwa ndani. Mwaka 2013 watafiti waligundua chanzo chake: kirusi cha kale kiliwahi kujipachika ndani ya kromosomu ya kwanza ya kuku, jirani na jeni moja, kikaiamsha jeni hiyo mahali ambapo kwa kawaida imelala. Ajabu ni kwamba tukio hilo lilitokea mara mbili, China kwa kuku wao na Chile kwa wao, bila uhusiano. Mapishi ya yai la buluu, hata hivyo, ni yale yale.

Kahawia haina jeni moja ya namna hiyo. Jeni nyingi hushirikiana, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na ndiyo maana kuku wa mayai meupe akichanganywa na wa mayai ya kahawia, watoto hutaga mayai ya katikati, ya krimu au kahawia iliyofifia. Mbegu za kale za nchi zinazopakana na Bahari ya Kati, Leghorn wa Italia akiwa maarufu kuliko wote, hutaga mayai meupe. Mbegu nzito kutoka Asia, zilizopelekwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, zilikwenda na jeni za kahawia, na kutokana nazo zikapatikana mbegu kama Rhode Island Red. Kuku wa mayai wanaojaza mabanda ya Afrika Mashariki leo, Isa Brown na Lohmann Brown kwa mfano, wana damu hiyo. Hao ndio wanaotupa trei za kahawia. Laiti waagizaji wangeegemea Leghorn, leo mayai ya kisasa ya Dar es Salaam yangekuwa meupe pe, na pengine tungekuwa tunalipa zaidi kwa ajili ya kahawia kama watu wa Boston.

Kuku wetu wa kienyeji hawajawahi kuchujwa kwa rangi ya ganda. Hakuna aliyewachagua majogoo na mitetea kwa karne nyingi ili mayai yafanane. Kwa hiyo katika kiota kimoja kijijini, mitetea miwili ikichangia, utakuta yai jeupe, la krimu na la kahawia hafifu pamoja. Rangi iliyopauka ndiyo ya kawaida zaidi, lakini si alama ya kienyeji. Ukienda kwa mfugaji wa chotara, yaani Kroiler na Sasso ambao wengi sokoni huwaita kienyeji, utakuta mayai ya kahawia ya kila daraja.

Wazee wengine hutazama ndewe za kuku, zile nyama ndogo chini ya sikio: ndewe nyeupe, mayai meupe; ndewe nyekundu, mayai ya kahawia. Kwa mbegu safi za Ulaya kanuni hiyo hufanya kazi mara nyingi. Kwa kuku wetu waliochanganyika, usiiwekee dau.

Sasa lishe. Yai la kawaida lisilo na ganda, la gramu 50, lina protini gramu 6 hivi, mafuta gramu 5, na nguvu ya kilokalori 70 na kitu. Takwimu hizo ni zile zile kwa ganda jeupe na la kahawia, na majedwali ya lishe hayana hata safu mbili za kuyatenganisha. Kinachobadilisha yai ni kile kuku alichokula na mahali alipoishi. Mwaka 2014 watafiti wa Halle nchini Ujerumani walilinganisha kuku waliofungiwa ndani na wale walioruhusiwa kutoka juani: viini vya waliotoka vilikuwa na vitamini D mara tatu hadi nne zaidi. Jua lilipiga ngozi na miguu ya kuku, mwili ukatengeneza vitamini, vitamini ikaingia kwenye kiini. Kuku wa kienyeji anayeshinda uani Singida au Kitui hupata jua hilo bure kila siku. Hiyo ni faida ya kweli, lakini mwenye nayo ni kuku anayetembea. Mtoe Isa Brown nje kwa namna hiyo hiyo, naye ataiweka kwenye yai lake la kahawia.

Vivyo hivyo mafuta. Kuku anayekula majani mabichi na wadudu huweka kwenye kiini mafuta ya aina ya omega-3 na vitamini E zaidi ya yule anayekula mchanganyiko wa mahindi na soya peke yake. Kuku hawezi kutoa kisichoingia, na hakuna jeni ya ganda inayoingilia hesabu hiyo.

Kiini cha njano kinastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapotoa hukumu. Njano ya kiini hutokana na rangi za mimea, luteini na jamaa zake, zilizo kwenye majani mabichi na mahindi ya njano. Sasa tazama shamba letu. Afrika Mashariki tunalima mahindi meupe kwa sababu ya ugali, na mahindi hayo hayo, pamoja na pumba zake, ndiyo msingi wa chakula cha kuku. Mahindi meupe karibu hayana luteini kabisa. Kuku wa bandani anayekula chakula hicho hutaga yai lenye kiini kilichopauka, karibu cheupe, nasi tunasema yai la kisasa halina kitu. Kuku wa nchi inayolima mahindi ya njano, wa mbegu ile ile, katika banda lile lile, angetoa kiini cha njano iliyokolea.

Na njano yenyewe haisemi tunachodhani inasema. Luteini ni nzuri kwa macho, lakini mwili hauigeuzi kuwa vitamini A. Vitamini A yenyewe haikipi kiini njano hiyo, na huingia kwenye yai la kisasa kupitia virutubisho vya unga ambavyo kiwanda huchanganya na chakula. Kwa hiyo kiini kilichopauka kinaweza kuwa na vitamini A ya kutosha kabisa. Kwa upande mwingine, mfugaji anayejua soko anaweza kuongeza unga wa pilipili nyekundu tamu au wa maua ya jamii ya mabangi bangi kwenye chakula, na baada ya wiki moja au mbili kiini kikawa cha machungwa. Viwanda vikubwa duniani hutumia kipepeo cha karatasi chenye vipande vya rangi vilivyopewa namba, kutoka njano hafifu hadi machungwa iliyoiva, kuchagua rangi wanayoitaka kwa ajili ya soko fulani. Rangi huagizwa, kama mtu anavyomwagiza fundi nguo.

Ladha ni jambo gumu zaidi, kwa sababu ulimi huonja pamoja na jicho. Mwandishi wa mapishi wa Marekani, J. Kenji López-Alt, aliwahi kuwaonjesha watu mayai ya kila aina, ya dukani na ya kuku wa malishoni. Wakiyaona, waliyapenda zaidi yale yenye kiini kilichokolea. Kisha akayapaka yote rangi ya kijani ili yafanane, akawapa tena. Upendeleo ukapotea. Jaribio hilo lilikuwa dogo, la jikoni, lakini unaweza kulirudia nyumbani ukiwa na kitambaa cha kufunga macho: chemsha mayai mapya ya kahawia na meupe ya kuku wanaokula chakula kimoja, katakata, na uone kama kuna atakayeyatofautisha.

Tahadhari moja: ukilinganisha yai la kienyeji na la kisasa, huenda ukahisi tofauti ya kweli, na usijidhanie mjinga. Yai la kienyeji ni dogo, mara nyingi gramu 40 na kidogo, wakati la kisasa hufika gramu 60. Lakini kiini chake hakikupungua kwa kiwango hicho. Kilichopungua zaidi ni ute. Kuku wa kisasa wamechujwa kwa ukubwa wa yai, na sehemu kubwa ya ukubwa huo ni ute. Kwa hiyo kila tonge la yai la kienyeji lina kiini kingi kuliko la kisasa, na kiini ndicho chenye mafuta na ladha. Mtu anayesema yai la kienyeji ni zito mdomoni amehisi sawasawa, ila alichohisi ni uwiano wa kiini na ute.

Lipo pia suala la siku. Yai lililokaa wiki tatu kwenye joto la Mombasa limepoteza maji na hewa ya kaboni kupitia vitundu vya ganda, ute wake umekuwa mwepesi na kiini kimelegea. Hilo huharibu ladha na umbo kuliko jambo jingine lolote, na hutokea kwenye ganda la rangi zote.

Sasa ile njia finyu niliyoitaja. Miaka ya 1970, Uingereza, ambako walaji walikuwa wanaelekea kwenye mayai ya kahawia, watu walianza kulalamika kwamba baadhi ya mayai yananuka samaki. Si yaliyooza, mayai mapya, yenye ganda safi, ila ukiyavunja kwenye kikaango harufu inapanda kama ya soko la samaki jioni. Watafiti waliipata dawa yenye harufu hiyo ndani ya mayai: trimethilamini, ile ile inayomfanya samaki aliyelala anuke. Na jambo likawa la ajabu zaidi. Mayai hayo yalikuwa ya kahawia. Mayai meupe ya kuku waliokula chakula kile kile hayakunuka.

Chakula kilikuwa na mashudu ya rapa, mmea wa mafuta wa jamii ya haradali. Mashudu hayo yana viambato ambavyo bakteria wa utumboni mwa kuku huvigeuza kuwa trimethilamini. Kuku wa kawaida haidhuriki, maana ini lake lina kimeng'enya kinachoibadilisha dawa hiyo kuwa kitu kisicho na harufu, kisha ikatoka. Lakini katika baadhi ya koo zenye damu ya Rhode Island Red, zile za mayai ya kahawia, kulikuwa na kuku wenye kimeng'enya kibovu. Trimethilamini ilibaki kwenye damu, ikaingia kwenye kiini kilichokuwa kinakua. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililowahusisha Wafini lilitangaza kosa lenyewe: herufi moja iliyobadilika kwenye jeni iitwayo FMO3. Kuku anayerithi nakala mbovu kutoka kwa baba na mama wote ndiye anayetaga yai lenye harufu. Mwenye nakala moja nzuri hupona. Binadamu nao, kwa nadra, huzaliwa na kasoro ya jeni hiyo hiyo, na miili yao hutoa harufu ya samaki hata wakioga mara nne kwa siku.

Angalia uhusiano ulivyo. Rangi ya kahawia haikuleta harufu. Jeni ya harufu na jeni za rangi zilisafiri pamoja katika ukoo mmoja, kama ndugu wawili waliopanda basi moja, na walipotazamwa kutoka nje ilionekana kana kwamba mmoja ndiye mwingine. Baada ya jeni kujulikana, makampuni ya kuzalisha mbegu yalianza kuwapima majogoo na mitetea wazazi na kuwaondoa wenye nakala mbovu. Vifaranga wa mbegu kubwa za leo kwa sehemu kubwa wamesafishwa.

Kwa nini basi mlaji wa Mwanza au Kisumu bado hukutana na yai lenye harufu ya samaki? Kwa sababu ipo njia nyingine isiyohitaji jeni mbovu: wingi. Huku chakula cha kuku hutegemea dagaa kwa ajili ya protini, na dagaa waliokaushwa vibaya juu ya mchanga, wakanyeshewa, wakahifadhiwa kwenye magunia, wana trimethilamini tayari pamoja na mafuta yaliyochacha. Mfugaji anayechanganya mwenyewe na kuzidisha dagaa kwa matumaini ya kuongeza utagaji humpa ini la kuku kazi lisiloiweza. Anayepatwa na tatizo hilo aanze kwa kuvunja mayai machache kila moja kwenye bakuli lake. Yakinuka yote, kosa liko kwenye chakula: apunguze dagaa, abadilishe gunia, na baada ya wiki mbili hivi, viini vilivyokuwa vinakua wakati wa chakula kibaya vikishaisha, harufu itaondoka. Likinuka moja kati ya kumi au ishirini huku kuku wote wakila sahani moja, hapo kuna kuku wachache wenye ini la namna ile.

Kwa mfugaji, rangi ya ganda ina faida moja ambayo mlaji hana: ni taarifa ya afya. Kuku hawezi kubadilisha kahawia kuwa buluu, lakini kahawia inaweza kufifia, na sababu zake hujulikana. Tuseme mfugaji wa Kibaha ana kuku 300 wa kahawia, na asubuhi moja anaona trei zimepauka. Kwanza aulize umri. Kuku anavyozeeka mayai yake hukua, ila kiasi cha rangi hakiongezeki sana, hivyo rangi ile ile hutandazwa juu ya ganda pana na kuonekana hafifu. Mabadiliko hayo huja polepole kwa miezi, na hayana dawa wala ubaya.

Yakija ghafla ndani ya siku chache, ni jambo jingine. Mbwa aliyeingia bandani usiku, au fundi aliyepiga nyundo juu ya paa mchana kutwa, huwafanya kuku wazuie mayai kupita saa yake. Chokaa ya ziada humwagika juu ya rangi na ganda hutoka na vumbi la kijivu. Kuku wengine hutaga mapema kabla rangi haijamalizika. Hali hiyo huisha utulivu ukirudi. Ipo pia dawa moja ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, nikabazini, ambayo ikiingia kwa bahati mbaya kwenye chakula cha kuku wa mayai huyafanya mayai ya kahawia kuwa meupe kwa siku chache tu, kisha rangi hurudi ikiondolewa. Mfugaji aliyewapa mitetea gunia lililobaki la vifaranga ana jibu lake hapo.

La kuogopwa ni kupauka kunakofuatana na mayai kupungua, maganda laini au yaliyojikunja, na kuku wanaokoroma. Mkamba wa kuku, kideri, na kirusi kinachoshusha utagaji vyote hushambulia ile sehemu ya mrija inayotengeneza ganda, na rangi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Hapo aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Na kwa sababu rangi iko juu juu, inaweza kuondolewa na mkono wa mtu. Siki au maji ya ndimu yakigusa ganda hutoa mapovu, chokaa ya juu huyeyuka, na kahawia huondoka nayo. Sokoni pana maneno kwamba wapo wanaosugua mayai ya kisasa namna hiyo ili yapate bei ya kienyeji. Kama ni wachache au wengi, njia ya kuwatambua ni moja. Yai ambalo halijaguswa lina ute mkavu mwembamba juu yake unaolipa mng'ao hafifu, na mkono huteleza. Lililosuguliwa ni kavu, lina unga, limepauka kwa mabaka, na ukilipitisha kucha linakwaruza. Ukubwa nao husaidia: kuku wa kisasa anayeanza kutaga hutoa mayai madogo, lakini hayo ndiyo yenye kahawia iliyokolea kuliko yote, kwa hiyo yai dogo lenye weupe wa mabaka lina mambo ya kujieleza.

Hapo udanganyifu si wa bei tu. Ule ute mkavu ndio unaoziba maelfu ya vitundu vilivyo kwenye ganda, na ukiondolewa, bakteria wa kinyesi kama salmonela hupata njia ya kuingia, na yai hukauka upesi. Ukilinunua yai la namna hiyo kwa ajili ya mtoto au mgonjwa, umelipa zaidi ukapata lililo hatari zaidi.

Bei ya kienyeji yenyewe ina sababu yake halali. Mtetea wa kijijini hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, akiatamia na kulea katikati, wakati wa kisasa hupita 300. Anayependa kiini kingi na kuku aliyeota jua ana haki ya kulipia. Ila malipo hayo yaelekezwe kwenye mambo mawili ambayo muuzaji mwaminifu anaweza kuyajibu: kuku hawa hula nini na kushinda wapi, na mayai haya yametagwa lini. Akijibu kwa kukuonyesha rangi ya ganda peke yake, mnunulie kwa bei ya mayai ya kisasa.